Ya kilomita nyingi, ya miaka mingi au isiyo na kadi: kupima bei ya pikipiki iliyotumika

Umeonyeshwa pikipiki tatu za aina moja: injini ya cc 150, silinda moja, inapozwa kwa upepo, ina kabureta. Wauzaji watatu wanataka pesa zinazokaribiana. Ya kwanza ina miaka 2 tu lakini imetembea kilomita 58,000. Ya pili ina miaka 6 na kilomita 9,000, muda mwingi imelala chini ya turubai. Ya tatu ina miaka 4, kilomita 30,000, inang'aa na inawaka kwa pigo moja, ila kadi ya usajili haipo. Kila muuzaji anataja kilicho kizuri kwake. Mmoja anasema "bado mpya hii", mwingine "haijatembea", wa tatu "iangalie mwenyewe ilivyo safi". Wote wanasema kweli, na ndiyo maana mnunuzi anakwama.

Njia ninayoitumia ni kuzipitisha zote tatu kwenye mizani moja. Sitataja fedha ya nchi yoyote. Bei ya pikipiki mpya ya aina hiyohiyo, ulipo wewe, iite 100. Kila kitu kingine kitakuwa pointi za hiyo 100. Kama aina hiyo haitengenezwi tena, chukua bei ya mpya inayofanana nayo zaidi kwa injini na matumizi, kisha ulinganishe jibu lako na matangazo matano au sita ya pikipiki kama yako. Kumbuka tu kwamba bei ya kwenye tangazo ni bei ya kuanzia mazungumzo, mtu huondoka na pungufu ya hapo.

## Vigezo vinne, na kila kimoja kinahesabu nini

Umri. Mwaka wa kwanza naondoa pointi 20, kwa sababu pikipiki ikishasajiliwa kwa jina la mtu haiuziki tena kama mpya hata ikiwa haijachubuka. Kila mwaka unaofuata naondoa asilimia 12 ya kilichobaki. Kwa hiyo mwaka wa pili unaisha na 70, wa tatu 62, wa nne 55, wa tano 48, wa sita 42. Hiki ni kipimo cha kuanzia, si sheria. Aina inayopendwa na yenye vipuri kila kona hushuka polepole zaidi, na ile ambayo vipuri vyake ni vya kuagiza hushuka haraka.

Umri unaohesabiwa ni tangu ilipotengenezwa, si tangu iliposajiliwa. Pikipiki inaweza kukaa dukani miaka miwili kabla ya kuuzwa. Geuza vifuniko vya plastiki vya pembeni uangalie upande wa ndani: mara nyingi utaona kiduara kidogo kama uso wa saa, chenye mshale na tarakimu, kinachoonyesha mwezi na mwaka plastiki hiyo ilipomiminwa. Kama plastiki kadhaa zinataja mwaka mmoja na kadi inataja mwaka wa mbele zaidi, umri wako ni wa plastiki.

Kilomita. Kwa mtu wa kwenda kazini na kurudi, kilomita 8,000 kwa mwaka ni matumizi ya kawaida. Pikipiki ya kubeba abiria inaweza kufanya zaidi ya 30,000. Nachukua 8,000 mara miaka, naona imezidi au imepungua kiasi gani, kisha naondoa pointi 1 kwa kila kilomita 4,000 zilizozidi. Zilizopungua sizilipi kwa kiwango hichohicho. Naongeza nusu yake tu, kwa sababu kutotembea nako kuna madhara yake, kama tutakavyoona.

Hali. Hapa hakuna asilimia. Unaandika kila kinachohitaji kutengenezwa, unapata bei ya kipuri na ya fundi, unaondoa yote. Kosa la kawaida hapa ni kuondoa mara mbili: "ina kilomita nyingi, na cheni imekwisha, na injini imechoka." Ninavyotenganisha ni hivi: kilomita zinalipia uchakavu usioonekana, yaani giaboksi, beringi za kranki, nyaya na springi. Hali inalipia kinachoonekana na kupimika leo.

Karatasi. Ni kadi ya usajili, jina lililo juu yake, namba ya chesisi na namba ya injini. Kigezo hiki hakifanani na vitatu vya mwanzo. Vile vitatu vinashusha bei hatua kwa hatua, hiki kinaweza kuifuta yote. Kwa hiyo nakihesabu mwisho, na kwa njia yake.

## Ya kwanza: miaka 2, kilomita 58,000

Umri. Inaanza na 70.

Kilomita. Ilitarajiwa kuwa na 16,000. Imezidi kwa 42,000, nayo ni pointi kumi na kitu. Naondoa 10, inabaki 60. Muuzaji hafichi kwamba ilikuwa ya abiria. Kilomita zinazotangazwa waziwazi, hata zikiwa nyingi, ni rahisi kuzihesabu kuliko chache zisizoaminika.

Hali. Nilifika injini ikiwa ya baridi, na hilo nililiomba kabla. Ukikuta injini ina moto, mwambie muuzaji utarudi kesho, maana pikipiki ngumu kuwaka asubuhi hutangulizwa kuwashwa kabla mnunuzi hajafika. Hii iliwaka vizuri. Lakini nilipompa mwenzangu aiendeshe nikiwa nyuma yake kwa pikipiki nyingine, kila alipovuta mafuta kupanda mlima ilitoa moshi wa bluu.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na wakati unapotoka ndio unaosema imepita wapi. Ukitoka muda wote injini inapovuta mzigo, ringi za pistoni na ukuta wa silinda vimekwisha. Ukitoka kwa muda mfupi tu unapoongeza mafuta baada ya kuteremka mlima ukiwa umeachia, au mara tu baada ya kuwasha, shuku sili za valvu, ambazo ni kazi ndogo zaidi. Hapa ulikuwa wa namna ya kwanza. Fundi alifungua plagi, akafunga geji ya mgandamizo, akavuta mafuta hadi mwisho na kupiga kiki mara kadhaa. Kisha akamwaga kijiko cha oili kwenye tundu la plagi na kupima tena. Mgandamizo ulipanda waziwazi. Oili ile ilikuwa imeziba pengo kati ya ringi na silinda kwa muda, kwa hiyo pengo lipo. Kama tatizo lingekuwa valvu, oili isingebadilisha kitu.

Kuchonga silinda au kuweka mpya, pistoni, ringi, gasketi na ufundi: pointi 8. Cheni, ukiivuta nyuma kutoka kwenye spoketi kubwa, inainuka zaidi ya nusu ya jino, na meno yamepinda kama ndoana. Cheni na spoketi zote mbili, pointi 3. Tairi la nyuma, pointi 2. Jumla 13.

Karatasi. Kadi ipo, jina ni la muuzaji, kitambulisho chake kinalingana nalo, namba zote mbili zinasomeka na zinafanana na kadi. Hakuna cha kuondoa.

Bei ya haki: 47.

Inamfaa mtu mwenye fundi anayemwamini na anayeweza kuiweka chini siku mbili tatu kabla ya kuitumia. Baada ya kazi hiyo, silinda na pistoni ni mpya na historia yote inajulikana. Haimfai anayetaka kuinunua leo na kuanza kuitegemea kesho. Atalipa 47, halafu mwezi unaofuata atalipa zile 13 kwa wakati asioutaka, pengine njiani.

## Ya pili: miaka 6, kilomita 9,000

Umri. Inaanza na 42.

Kilomita. Ilitarajiwa kuwa na 48,000, imepungua kwa 39,000. Kwa kiwango kamili zingekuwa karibu pointi 10, kwa nusu ni 5. Inafika 47.

Kabla ya kuziongeza hizo 5 lazima kwanza nijiridhishe kwamba kilomita ni za kweli. Niliwahi kununua pikipiki iliyoandika 14,000, nikafurahi, hadi fundi aliponiuliza kwa nini mpira wa pedali ya breki umelika mpaka chuma kinaonekana. Waya wa mita ulikuwa umechomolewa miaka. Waya huo kwenye pikipiki nyingi ndogo ni skrubu moja tu pale kwenye gurudumu la mbele, na mita ya namna hiyo haijui kama imechomolewa.

Tangu siku hiyo mita naisoma mwisho. Kwanza natazama mpira wa pedali, mpira wa kigia, sehemu za kukanyagia miguu, mishikio ya usukani na meno ya ufunguo. Kisha napitisha ukucha kwenye ukingo wa diski ya breki: pedi hula katikati na kuacha kingo, na pikipiki ya kilomita 9,000 haiwezi kuwa na ukingo unaokwamisha ukucha. Halafu nasoma tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya kifungo chenye umbo la yai. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Hii ya pili ilikuwa na matairi yote mawili yaliyotengenezwa miezi michache kabla ya pikipiki yenyewe, yaani ndiyo yaliyotoka nayo kiwandani, na la nyuma lilikuwa limebakiza zaidi ya nusu ya kashata zake. Matairi ya kwanza, yaliyolika kidogo, mpira wa pedali wenye michirizi yake yote: hapo niliiamini mita na kutoa zile 5.

Hali. Ndipo ubaya wa kulala unapojitokeza. Mpira unazeeka kwa kalenda hata usipoguswa. Matairi yaleyale yaliyonithibitishia kilomita yana nyufa ndogo ubavuni na hayafai tena barabarani, kwa hiyo mawili mapya, pointi 4. Betri imekufa, pointi 2. Petroli iliyoachwa kwenye kabureta hugeuka kama gundi na kuziba jeti ndogo ya mwendo wa taratibu. Dalili yake ni kwamba pikipiki inawaka ukivuta choki, inakimbia vizuri, lakini inazima kila ukiachia mafuta. Hii ilifanya hivyo hasa. Nilimulika tochi ndani ya tangi nikaona kutu nyepesi, si ya kuogopesha. Kusafisha kabureta, tangi na kuweka chujio, pointi 2. Sili za shokapu za mbele zinavuja na mafuta ya breki yamekuwa rangi ya chai, pointi 2. Jumla 10.

Injini yenyewe, baada ya kupashwa moto, ilikuwa kimya na haikutoa moshi. Nilitarajia hivyo.

Karatasi. Zipo, za mmiliki wa kwanza na wa pekee. Alikuwa na bahasha yenye risiti ya dukani. Kitu kimoja cha kuuliza kwa pikipiki iliyolala ni ada au kodi za barabarani ambazo hazikulipwa wakati imelala. Mahali pengine deni hilo hufuata chombo, na mnunuzi hulikuta siku ya kuhamisha umiliki. Kwa hii hapakuwa na deni.

Bei ya haki: 37.

Inamfaa mtu wa safari fupi, mwenye subira ya wiki moja ya matengenezo, anayetaka kukaa nayo miaka mingi. Atakayetaka kuiuza baada ya mwaka mmoja ajue kwamba mnunuzi wake atahesabu miaka 7, hatajali sana kwamba kilomita ni chache. Muuzaji wa hii alitaka 50, na sikumlaumu. Kwake ni pikipiki "ambayo haijatumika". Ila miaka 6 imeshapita juu yake hata hivyo.

## Ya tatu: miaka 4, kilomita 30,000, kadi haipo

Umri. Inaanza na 55.

Kilomita. Ilitarajiwa 32,000. Tofauti ni ndogo mno, sigusi kitu.

Hali. Ndiyo bora kati ya zote tatu. Pedi za breki za mbele tu, pointi 1. Nilifunga kamba kwenye tairi la nyuma na kuivuta pande zote mbili hadi mbele kuangalia kama fremu imepinda, ikawa sawa. Nilisimamisha mbele juu ya kigingi na kugeuza usukani taratibu, haukukwama katikati. Kwa macho ya fundi ni pikipiki ya 54, na ingekuwa na kadi hapa ndipo hesabu ingeishia.

Karatasi. Muuzaji anasema: "Kadi ilipotea, ila hiyo ni rahisi, unaripoti polisi unapewa nyingine." Sentensi hiyo inaweza kuwa ya kweli kabisa. Lakini "haina kadi" ni jina moja la hali nne zilizo mbali sana, na kazi yako ya kwanza ni kujua uko kwenye ipi.

Ya kwanza, kadi imepotea kweli na aliye mbele yako ndiye aliyesajiliwa. Ataomba nakala mpya mwenyewe. Hapa unaondoa ada na usumbufu tu, na bora zaidi unamwacha yeye aishughulikie kabla hujalipa.

Ya pili, kadi haijapotea, iko kwa mkopeshaji. Pikipiki nyingi hununuliwa kwa mkopo na kadi hushikwa hadi deni liishe. Ukinunua hapo, deni la mtu mwingine linakufuata hadi uani kwako, na anayedai ana haki ya kuichukua. Ndiyo maana hata nakala iliyofifia ya kadi ina thamani: itazame kama kuna jina la pili karibu na la mmiliki.

Ya tatu, mnyororo umekatika. Pikipiki imeuzwa mara mbili au tatu bila kuhamishwa umiliki, na jina lililo kwenye usajili ni la mtu ambaye muuzaji wako hajawahi kumwona.

Ya nne, ni ya wizi.

Kwa hiyo kabla ya kutaja bei yoyote nilisoma namba. Ya chesisi kwa kawaida imegongwa kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapozungukia, na ya injini iko chini kwenye mwili wa injini. Kwenye pikipiki nyingi za kisasa ya chesisi ina herufi na tarakimu 17, na utaratibu wa namba hizo hautumii kamwe herufi I, O wala Q, ili zisichanganywe na 1 na 0. Ukiziona, mtu aliigonga mwenyewe. Angalia pia kama herufi zote zina umbo na kina kimoja, kama rangi ya pale tu ni mpya kuliko fremu nyingine, kama kuna alama za msasa au mstari wa kulehemu. Ukikuta dalili yoyote ya namba kufutwa au kugongwa upya, acha. Pikipiki hiyo haina bei, hata ya vipuri, kwa sababu kuishika tu kunaweza kukuingiza kwenye kesi. Namba ya injini kutofanana na kumbukumbu ni jambo jepesi zaidi. Huenda injini ilibadilishwa kihalali, lakini lazima kuwe na risiti ya injini hiyo.

Namba za hii zilikuwa safi. Tulikwenda na muuzaji hadi ofisi ya usajili kuziulizia. Haikuripotiwa kuibiwa, haikuwa na deni, ila jina lilikuwa la mtu wa watu wawili nyuma. Hali ya tatu, basi.

Sasa hesabu. Mmiliki wa kwenye kumbukumbu akipatikana na kukubali kutia saini, gharama za kumfuata, nakala mpya na uhamisho ni kama pointi 5, na pikipiki inakuwa ya 49. Asipopatikana, nabaki na chombo nisichoweza kukitembeza barabarani. Nadhani vipuri vyake, na gharama za kufuatilia nikiwa nimeshazitoa, vingeleta 15. Muuzaji ana namba ya simu ya aliyemuuzia, na huyo alisema anamjua mmiliki. Kwa hiyo nakadiria uwezekano wa kufanikiwa kuwa 6 kati ya 10. Sehemu sita za kumi za 49 ni 29, sehemu nne za kumi za 15 ni 6. Jumla 35.

Kama simu ile isingepokelewa ningeshusha uwezekano hadi 3 kati ya 10, na hesabu hiyohiyo ingetoa 25. Pikipiki ni ileile, bado inang'aa vilevile, lakini simu moja kupokelewa au kutopokelewa imesogeza bei kwa pointi 10, zaidi ya kutengeneza injini ya ile ya kwanza.

Bei ya haki: 35 leo bila kadi, 49 hadi 54 kadi ikija kutegemea nani kalipia kuitafuta.

Ipo njia ya kuukwepa ubashiri wote huo, nayo ni kugawa malipo: 25 leo kwa hati ya mauziano yenye namba zote mbili na saini za mashahidi, na 24 siku ambayo umiliki utahamishwa, kwa tarehe ya mwisho iliyoandikwa. Ikipita, pikipiki inarudi na pesa inarudi. Muuzaji anayejua kadi inapatikana atapata zaidi ya 35 kwa njia hii. Wangu alikataa, akataka 48 zote siku hiyohiyo. Nilishusha makadirio yangu ya uwezekano papo hapo.

Inamfaa anayeweza kumfikia mmiliki aliyesajiliwa, au anayeishi karibu na ofisi husika na ana muda wa kufuatilia. Fundi anayehitaji vipuri anaweza kuitaka kwa 15, akishathibitisha si ya wizi. Haimfai anayekopa ili anunue, wala anayetaka kuikatia bima, wala anayepita njia zenye ukaguzi kila siku.

## Zikiwekwa pamoja

| | Ya kwanza | Ya pili | Ya tatu |
|---|---|---|---|
| Umri | 70 | 42 | 55 |
| Kilomita | −10 | +5 | 0 |
| Hali | −13 | −10 | −1 |
| Karatasi | 0 | 0 | −19 |
| Bei ya haki | 47 | 37 | 35 |
| Ikiwa tayari barabarani | 60 | 47 | 55 |

Mstari wa mwisho ni bei ukijumlisha matengenezo, na kwa ya tatu ni malipo yaliyogawanywa, ukijumlisha zile 5 za karatasi na pedi: 49, 5 na 1. Huo ndio mstari wa kulinganisha na mfuko wako, kwa sababu hakuna hata moja utakayoipanda kwa bei uliyopatana tu.

## Kulingana na hali yako

Ukiwa unaitafuta kwa kazi ya kila siku, ya kutembea kilomita 80 au 100, ya kwanza ina hoja kubwa ingawa ndiyo ghali ikiwa tayari. Injini itakuwa imefanywa upya, umri wake ni mdogo, na ikiharibika unajua historia yake. Jadili bei ukiwa na makisio ya fundi yaliyoandikwa mkononi, kipuri kwa kipuri. Muuzaji hubishana sana na "punguza kidogo", ila mbele ya karatasi ya bei za vipuri hubishana kidogo.

Ukiwa na safari fupi na bajeti ndogo, ya pili. Usikubali kulipia uchache wa kilomita kwa kiwango kamili, na usiipande hata mara moja kwenda nayo nyumbani juu ya matairi yale. Ibebe.

Ukivutwa na ya tatu, anza na namba na ofisi ya usajili, sio na kuiwasha. Ukikuta hali ya kwanza, muuzaji akaombe nakala kisha mzungumze bei kamili. Ukikuta mkopeshaji, lipeni deni pamoja ofisini kwake na kadi itolewe mkononi mwako. Ukikuta mnyororo uliokatika, gawa malipo au ondoka.

Na kama wewe ndiye unayeuza hiyo ya tatu: ada za kadi mpya na kumfuata mmiliki zilikuwa pointi 5 kwenye hesabu yangu, na kukosekana kwake kumekuondolea 19. Itafute kabla ya kuweka tangazo.